Jina la kitabu likivuka lugha: libaki, lifasiriwe neno kwa neno, au litungwe upya?

Msomaji wa Bukavu anauliza: Kikundi chetu kinatafsiri sura chache za Things Fall Apart ya Chinua Achebe, tuzisome jukwaani kwa Kiswahili. Bango linatugawanya. Wengine wanataka jina la Kiingereza libaki, wengine lifasiriwe kama lilivyo, wengine tutunge letu. Nyinyi mungefanya nini?

Mwanafunzi wa sheria, Lubumbashi: Fasirini neno kwa neno, basi. Wafaransa walifanya hivyo: Le monde s'effondre. Kubadilisha jina la mtu ni kumwibia.

Mfasiri mstaafu, Bukavu: Kaka, hebu tazama vizuri. Huo "ulimwengu" wa Kifaransa haumo katika Kiingereza. Uliingizwa na tafsiri ya 1966. Tafsiri mpya ya 2013 ikaja na Tout s'effondre, "kila kitu". Kwa hiyo Wafaransa wenyewe wana majina mawili, na nimeona wanafunzi wakidhani ni riwaya mbili. Sisi wa Kiswahili tulishapata letu tangu 1973: Clement Ndulute aliiita Shujaa Okonkwo.

Mwenye ukumbi wa video, Birere, Goma: Hilo ndilo jina! Mie niko na ukumbi, najua. Wateja hawaulizake jina la filme, wanaulizaka ni ya nani. Andikeni jina la shujaa kwa herufi kubwa, na sura yake. Shida yangu ni wauzaji: filme moja wanaipa majina matatu, mteja analipa mara mbili, halafu anakuja kunigombeza mimi. Kuko sheria ya hiyo?

Mwanafunzi wa sheria, Lubumbashi: Papa, hapa tunaongea vitabu.

Mfasiri mstaafu, Bukavu: Mwacheni, hoja yake ya bango ina uzito. Ila jina la shujaa lina bei yake. Msomaji anaingia akitarajia ushindi, kumbe Okonkwo anajinyonga, na watu wa ukoo wake hawaruhusiwi hata kuugusa mwili. Tena jina la Achebe ni maneno ya shairi la Mwairishi Yeats, ambalo wasomaji wengi wa Kiswahili hawalijui, kwa hiyo mwangwi huo tumeshaupoteza, tufasiri tusifasiri.

Mwangwi wa pili ndio wa kuokoa. Katika sura ya 20 Obierika, rafiki yake Okonkwo, anamwambia kwamba mzungu ameweka kisu kwenye yale yaliyotuunganisha, nasi tumeachana vipande vipande. Kitenzi cha jina kinarudi pale, kinywani mwa mtu wa kijijini. Mimi nikipewa kitabu hutafuta kwanza mahali jina linaporudi ndani, kisha najaribu kila pendekezo hapo. "Vitu vinaanguka" linakufa papo hapo: ni sahani zinazotoka kabatini. "Mambo yanasambaratika" linapita, maana Obierika anaweza kusema "nasi tumesambaratika". Mimi ningechagua "Mambo yafumuka". Kinachofumuka kilikuwa kimesukwa, na kisu kinakata uzi.

Mama muuza vitabu, Goma: Mwalimu, "yafumuka" hapa Goma watu watangojea kashfa ya mkubwa fulani. Sisi tunasema "Mambo yameharibika". Kila mtu ataelewa.

Mfasiri mstaafu, Bukavu: Ataelewa, mama, lakini pia atadhani umeme umekatika. Hata hivyo sikatai. Lisomeni kwa sauti mbele ya watu muone kama wanacheka.

Mwalimu wa shule ya sekondari, Lubumbashi: Mimi namtetea Ndulute. Riwaya yenyewe inamalizikia kwenye jina la kitabu: mkuu wa wilaya Mwingereza anawaza kitabu atakachoandika kuhusu kutuliza makabila ya "kishenzi", na humo Okonkwo atapata aya moja tu. Kuandika Shujaa Okonkwo waziwazi, kwenye jalada, ni kumjibu yule mkuu. Nyerere naye hakuogopa alipotafsiri The Merchant of Venice. Mfanyabiashara mmoja wa Shakespeare aligeuka Mabepari wa Venisi, wengi, mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Jina likawa na maoni.

Mfasiri mstaafu, Bukavu: Ndiyo, na maoni yale ni ya Nyerere. Mtu akiyapenda sawa, ila ajue nani anasema. Lolote mtakalochagua, wekeni jina la Kiingereza kwa herufi ndogo chini yake, mtu aweze kukitafuta kitabu maktabani.

Msomaji wa Bukavu: Aksanti sana, mzee. Tatizo ni kwamba sura ya 20 tuliitoa, ilionekana ni maongezi matupu.

Mfasiri mstaafu, Bukavu: Basi irudisheni kabla ya kubishania bango.

Msomaji wa Bukavu: Tutairudisha. Ila wawili kati yetu wameshasema hawatoki kwenye Shujaa, na mmoja wao ndiye anayechora.