Ushauri: shajara inasema "sijali", na Gredi ya 8 nzima imejibu kuwa mwandishi hajali

Mwalimu wa Kondele
Walimu wenzangu, hamjambo? Ninafundisha Kiswahili Gredi ya 8 hapa Kisumu. Nimetunga ufahamu wa shajara kwa sababu vifungu nilivyokuwa navyo viliandika "nilihuzunika sana" waziwazi, wanafunzi wakawa wananakili tu. Hiki hapa:

*Jumanne, 4 Machi 2025*
*Leo Akinyi hakunisubiri langoni. Nilimwona mbele karibu na stendi ya Kondele, akicheka na wasichana wa darasa jingine. Matatu zilikuwa zikipiga honi, makanga wakiita abiria. Nilimwita, hakugeuka. Najua alinisikia. Sijali, nina marafiki wengine. Jioni mama alipika omena na ugali, nikamwambia nimeshiba. Kesho nitapitia njia ya Manyatta.*

Maswali yalikuwa mawili: Mwandishi alihisi vipi? Kisa kimesimuliwa katika nafsi gani? La kwanza karibu wote wamejibu "hajali". La pili wamepata, lakini naona halijawafunza chochote. Nirekebishe kifungu au maswali?

Otis_Kakamega
Kifungu ndicho chenye shida. Ongeza "machozi yalinilengalenga" na wataona. Na kuhusu mtazamo, shajara daima ni nafsi ya kwanza, kwa hivyo waonyeshe viambishi ni- na -ni- basi. Hakuna kingine cha kuuliza hapo.

Mama Nakuru
Binti yangu wa Gredi ya 7 naye ana shajara, anaificha chini ya godoro. Juzi nimesoma kidogo, kuna kijana ametajwa. Niongee naye ama ninyamaze?

Mstaafu wa Bungoma
Mama, hilo lifungulie uzi wake, lakini kwanza irudishe ilipokuwa.

Mwalimu, usiguse kifungu. Ukitia machozi umerudi kulekule kwa kunakili. Otis yuko sawa kuhusu viambishi, ila hivyo vinatuambia ni nani anayesema tu. Havituambii anajua nini na hajui nini.

Swali la hisia livunje. Uliza kwanza: mwandishi anasema anahisi vipi? Hapo "hajali" ni jibu sahihi, nao wanapata alama yao. Kisha: taja mambo mawili aliyoyafanya au anayopanga kufanya yasiyolingana na kauli hiyo. Watakuja na kukataa chakula na kubadili njia ya shule. Asiyejali hababaiki kuhusu njia ya kupitia. Mwisho: basi unadhani alihisi nini hasa? Kwa kuwa ushahidi wameshauandika, hisia wataipata wenyewe.

Kwa mtazamo, una sentensi moja ya thamani: "Najua alinisikia." Waambie watenganishe aliyoyaona na aliyoyakisia. Kwamba Akinyi hakugeuka, hilo ameliona. Kwamba alisikia, hilo amelikisia, na kifungu chenyewe kimetaja honi na makanga. Uliza: ni maneno gani kwenye kifungu yanayoweza kukufanya utilie shaka kauli hiyo?

Halafu wape zoezi la kuandika shajara ya Akinyi ya usiku uleule. Hapo ndipo utajua nani ameelewa. Ukisoma "leo rafiki yangu alikataa omena", huyo hajaelewa, maana Akinyi hakuwa jikoni kwa kina mwandishi. Na ukipata kisa kilekile ambacho majina tu yamebadilishana nafasi, vilevile bado. Aliyeelewa ataandika mambo ambayo mwandishi wa kwanza hangeyajua, kwa mfano kwa nini aliondoka mapema.

Otis_Kakamega
Sawa, hiyo ya honi sikuwa nimeiona. Lakini kwa alama utafanyaje? Mmoja ataandika huzuni, mwingine hasira, mwingine wivu.

Mstaafu wa Bungoma
Alama 2: moja ya hisia, moja ya ushahidi. Huzuni ina kukataa chakula. Wivu una "akicheka na wasichana wa darasa jingine". Hasira ina "najua alinisikia". Furaha haina pa kushika, basi haipati kitu.

Mwalimu wa Kondele
Asante, mwalimu. Nimejaribu maswali yaliyovunjwa na darasa moja leo asubuhi, na kweli wengi wamefika kwenye njia ya Manyatta bila mimi kuwasukuma. Ila msichana mmoja amenikwamisha. Ameandika kwamba mwandishi hajali kweli, kwa sababu kama angejali angemkimbilia Akinyi ampige begani. Ushahidi wake ni jambo ambalo halikutendeka.

Otis_Kakamega
Sifuri. Ushahidi utoke kwenye kifungu.

Mstaafu wa Bungoma
Mimi ningempa ile ya ushahidi. Kutokimbia kumo kwenye kifungu, kwa kuwa aliita tu akaishia hapo. Hisia ndiyo ningemnyima, kwa sababu omena na njia mpya ameziruka.

Mwalimu wa Kondele
Naye anasema omena kila mtu huchoka nazo. Bado sijamwekea alama.