Naomba ushauri: ovaloki inaacha vitanzi kwenye ukingo

Hamjambo mafundi wenzangu. Nashonea Kawangware, na nina ovaloki ya nyumbani ya nyuzi 4, ya mtumba.

Juzi uzi wa lupa ya chini ulikatika. Nikaupitisha upya bila kutoa nyuzi za sindano, ukakatika tena papo hapo. Nikatoa zote, nikaanza na lupa ya juu, kisha ya chini, sindano mwisho. Sasa haukatiki, lakini umelegea: unavutwa hadi upande wa juu wa kitambaa na kuning'inia ukingoni kama vitanzi. Najua ni huo kwa sababu niliweka nyuzi za rangi 4, na wa lupa ya chini ni mwekundu.

Nimekaza tensheni yake kutoka 4 hadi 7, hakuna tofauti hata kidogo. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Nakumbuka nilipitisha nyuzi mguu ukiwa umeshushwa. Je, yawezekana uzi haukuingia katikati ya visahani vya tensheni, ndiyo maana kukaza hakusaidii? Au nilegeze lupa ya juu?

La pili: kwenye pamba ukingo unalala vizuri, lakini shifoni ya dera la mteja inajikunja. Sindano ziko 4, difarensho iko 1. Nianze kulegeza sindano, au nishushe difarensho hadi 0.7? Dera lachukuliwa Ijumaa, na vipande vya kujaribia vimebaki viwili tu.