Eti "si ungemwambia afumbe macho"! Wakuu, nimekereka hadi mikono inatetemeka

Dada_Mkubwa:

Sina salamu leo. Mtanisamehe.

Mnamjua. Sitaji jina, sina haja. Yule mchambuzi wetu, yule ambaye kila filamu ikitoka hata waigizaji wenyewe hawajaimaliza kuitazama, yeye tayari "nimeicheki yote". Huyo huyo.

Wiki iliyopita nilimwuliza hapa hapa, mbele yenu. Nikamwambia mdogo wangu ana miaka 14, ana kifafa kinachoamshwa na mwanga, je, hiyo filamu ina taa za kumweka? Akajibu kwa maneno mawili: "Iko safi." Nikamwuliza mara ya pili, una hakika? Akanitumia kidole gumba.

Jana usiku tumekaa. Dakika ya 47 jamaa anashuka kwenye ghala chini ya nyumba, taa ya bomba juu yake ni mbovu, inawaka inazima, inawaka inazima. Mdogo wangu alikuwa ameshika rimoti. Niliona bega lake la kulia linaruka mara mbili, rimoti ikamtoka kama imerushwa, kisha macho yakaganda kwenye skrini. Hakuniita. Nimemlaza ubavu, nimesogeza meza, nimeangalia saa ya ukutani: karibu dakika mbili. Dakika mbili ambazo mimi nimezeeka miaka mia mbili. Alipozinduka kitu cha kwanza aliniuliza, "Imeisha?" Alidhani filamu imeisha.

Haya, hilo si ndilo lililonileta. Nimemwandikia mheshimiwa nikamweleza yaliyotokea. Mnajua alijibu nini? "SI UNGEMWAMBIA AFUMBE MACHO."

Afumbe macho! Mtoto yuko sakafuni, na huyu ananiambia afumbe macho. Ningekuwa na uwezo wa kupita ndani ya simu ningetokea sebuleni kwake na bomba lile lile la ghalani mkononi.

Baadaye akaongeza kwamba kwa kweli alikuwa anaruka sekunde kumi kumi "ili kuokoa muda". Kwa hiyo hiyo ndiyo "nimeicheki yote". Lakini hilo naweza kulimeza. Afumbe macho siwezi kulimeza.

---

Mkia_wa_Nyoka:

Povu hilo mleta uzi, unaweza kufulia mashuka ya mtaa mzima. Ila na wewe, afya ya mdogo wako unamwachia mtu usiyemjua aliyekutumia kidole gumba?

---

Mama_Tulizo:

Pole sana mwanangu, na pole kwa mdogo wako. Usimsikilize huyo wa juu. Ila kwa kweli hata mimi ningesema afumbe macho, si ndivyo mwanga unavyozuiwa? Au miwani ya jua.

---

Dada_Mkubwa:

Mama, nakuheshimu, ila usiniambie na wewe. Tafadhali. Neno hilo leo silitaki.

---

Fundi_Fremu:

Pole Dada. Mama Tulizo, wengi wanadhani hivyo, na ndipo hatari ilipo. Kope si pazia. Mwanga mkali unapita, unageuka mwekundu mwekundu na kusambaa jicho zima, na kwa watu wengine kile kitendo chenyewe cha kufumba macho ndicho kinachoamsha kifafa. Kinachosaidia ni kuziba jicho moja kabisa kwa kiganja na kugeuza uso pembeni. Jicho moja likizibwa, sehemu ya ubongo inayochochewa inapungua sana. Wafundishe nyumbani kiganja, si kufumba. Miwani ya kawaida ya jua inapunguza ukali, lakini usiitegemee.

Sasa hili la kuruka sekunde kumi kumi. Hiyo sehemu ya ghala ina urefu gani?

---

Dada_Mkubwa:

Sekunde 11. Nimeirudia leo asubuhi peke yangu, mlango nimefunga.

---

Fundi_Fremu:

Basi alitua humo mara moja tu, mara mbili kwa bahati. Kila akitua anaona picha moja iliyosimama. Ikiwa ni ile ya taa kuzima, yeye ameona ghala lenye giza, akaendelea na safari. Kumweka hakuonekani kwenye picha moja, kunaonekana kwenye mfululizo. Trela nayo haikuambii kitu, wala kutazama kwenye simu. Skrini ndogo inachukua kipande kidogo cha unachokiona, wakati televisheni kubwa ukiikaribia inajaza macho yote. Kitu kile kile, madhara tofauti.

Fanya hivi. Fungua filamu kwenye VLC, isimamishe hapo dakika ya 47, halafu bonyeza herufi `E`. Kila ukibonyeza inasogea fremu moja. Filamu nyingi zina fremu 24 kwa sekunde, kwa hiyo bonyeza mara 24 na uandike kwenye karatasi: M kwa mwanga, G kwa giza. Nipe ulichopata.

---

Kipepeo88:

Wakuu nami nimesoma kwamba hatari ni ikizidi mimweko 30 kwa sekunde. Sasa filamu ya fremu 24 itafikaje 30? Haiwezekani kabisa filamu ikaleta kifafa. Labda alikuwa na njaa au hakulala.

---

Dada_Mkubwa:

Kipepeo, nilikuwepo. Nimeona bega. Usinifanye nirudie.

Fundi, nimefanya. MMGGMMGGMMGG hivyo hivyo hadi mwisho wa 24, na imeendelea hivyo sekunde nne mfululizo kabla haijapoa kidogo.

---

Fundi_Fremu:

Mwanga mbili, giza mbili. Kuwaka na kuzima kukikamilika ni mmweko mmoja, kwa hiyo kila fremu nne mmweko mmoja. 24 gawa kwa 4 ni 6. Mimweko sita kwa sekunde. Mpaka unaotumika kwenye viwango vya picha za skrini ni kutozidi mitatu, kama inachukua sehemu kubwa ya skrini. Hapo hata ubishi hakuna, "iko safi" haikuwa safi.

Kipepeo, umeshika namba sahihi kwa mkia. Eneo la hatari ni kati ya 3 na 30 hivi, na kali zaidi ni kama 15 hadi 25. Ni kweli fremu 24 zikipishana moja moja haziwezi kuzidi mimweko 12. Lakini 12 iko katikati kabisa ya hatari. Ile katuni ya Pokemon ya Japani, Desemba 1997, iliyopeleka watoto zaidi ya 600 hospitali, ilikuwa nyekundu na bluu zikipishana kama mara 12 kwa sekunde. Kukosa usingizi kunaongeza hatari, hapo uko sawa, ila hakuifanyi taa isiwe taa.

---

BabaWawili:

Mimi suala la mwanga linanigusa sana. Nikienda sinema kuna mtu lazima afungue simu yake mbele yangu, mwanga wote usoni. Hawa watu ndio wa kufungiwa, si wachambuzi.

---

Dada_Mkubwa:

Baba, hiyo ni kero. Hii yangu ni mtoto sakafuni na mtu anasema AFUMBE MACHO.

---

BabaWawili:

Sawa, ila na mimi macho yangu yaliuma siku mbili.

---

Shabiki_wa_Kale:

Kwani filamu hazipimwi kabla ya kutoka? Nilidhani kuna mashine.

---

Fundi_Fremu:

Programu za kupima zipo, na nchi kama Uingereza vituo vya televisheni vina kanuni juu ya mimweko. Sinema ni mlango mwingine. Mwaka 2018 Incredibles 2 ilitoka, watazamaji wakalalamika, ndipo kumbi zikaanza kubandika matangazo ya onyo mlangoni. Yaani onyo lilifuata malalamiko. Na hata onyo likiwepo, mara nyingi linasema tu "kuna mwanga wa kumweka", halisemi dakika ya ngapi. Ndiyo maana watu huenda doesthedogdie.com, ambako watazamaji wenyewe huandika kama kuna mwanga wa kumweka, na wengine hutaja na dakika. Hiyo nayo ni kauli za watu. Aliyeandika hapana huenda naye aliruka sekunde kumi kumi.

Njia ya nyumbani: mtu asiye na tatizo aitazame yote kwa mwendo wa kawaida, akiandika inapoanza na inapoishia, kisha aongeze sekunde tano mbele na nyuma. Siku ya kutazama taa za sebule ziwake, mdogo wako akae mbali, rimoti ishikwe na mwingine. Kama faili ni yako, kuna na amri hii ya programu ya ffmpeg kwenye kompyuta:

```
ffmpeg -i filamu.mp4 -vf photosensitivity salama.mp4
```

Inalainisha mimweko kwa kuchanganya fremu. Ila itazame wewe kwanza, usiichukue kama cheti.

---

Dada_Mkubwa:

Hilo la rimoti limeniingia. Yeye ndiye alikuwa ameishika, na yeye ndiye wa kwanza kushindwa kubonyeza. Hiyo amri nitaijaribu leo.

Vipi vitu vyenye mistari? Kwenye filamu ile ile kuna mwanamke amevaa gauni la mistari myeusi na myeupe, picha ikimsogelea mdogo wangu aligeuza uso mwenyewe.

---

Fundi_Fremu:

Mistari inaweza, kwa baadhi yao. Kwake yeye siwezi kusema kutoka huku. Mwambieni daktari wake habari ya hilo gauni, kile kipimo cha mawimbi ya ubongo chenye taa ya kumweka huwa wanaweza kuongeza na picha za mistari.

---

Mkia_wa_Nyoka:

Dada nafuta nilichosema juu. Nilidhani umeangalia juu juu, kumbe umehesabu fremu. Mheshimiwa naye nimemwona yuko mtandaoni tangu asubuhi, uzi wake mpya tayari upo: "nimeicheki yote".

---

Dada_Mkubwa:

Yupo?? Na hajasema hata pole?

---

Shabiki_wa_Kale:

Huyo mimi alinidanganya kuhusu manukuu. Alisema yamekaa sawasawa, kumbe yanachelewa sekunde nne filamu nzima. Mtu anakufa, maandishi yanacheka.

---

Kipepeo88:

Sekunde nne ni kitu kidogo, kwenye VLC unabonyeza tu `H` au `G` inasogea.

---

Shabiki_wa_Kale:

Nimebonyeza `H` mpaka kidole kikafa ganzi. Yakazidi kuchelewa.

---

BabaWawili:

Jaribu `G` basi. Halafu hakuna aliyenijibu kuhusu wale wa simu ukumbini.