Maharage yanadumaa kando ya vitunguu: ni ujirani mbaya au kuna jambo jingine?

Mama Tuta, Usa River

Habari zenu ndugu wanajukwaa. Nina tuta moja la mboga nyuma ya nyumba, urefu wake mita 4 na upana mita 1.2, lililolala kutoka mashariki kwenda magharibi. Upande wa kusini nimepanda mistari miwili ya vitunguu maji, katikati kuna mistari miwili ya maharage mafupi, na upande wa kaskazini ipo miche ya sukuma wiki. Maharage ya mstari unaopakana na vitunguu yana wiki 5 sasa. Yamekuwa ya manjano, ni mafupi, na ifikapo saa sita mchana majani hulegea ingawa nimemwagilia asubuhi. Mstari wa pili, ulio karibu na sukuma wiki, umestawi vizuri kabisa. Jirani yangu anasema vitunguu na maharage havipatani na kwamba niving'oe vitunguu. Sipendi kuvipoteza bure, kwa hiyo naomba mnieleze kama kweli ndivyo vinavyoyaharibu maharage.

Mchuma Mboga

Jirani yako amesema kweli. Vitunguu hutoa maji makali kwenye mizizi, nayo huua vile viumbe vinavyoyatengenezea maharage chakula. Vitunguu vipeleke kando ya sukuma wiki, maana harufu yake huwavuruga wadudu wanaotafuta majani ya kabichi na jamii yake. Maharage nayo yabaki karibu na sukuma wiki ili yaigawie mbolea. Halafu panda marigodi nne, moja kila kona ya tuta, na matatizo ya ardhini yatakwisha.

Gunia la Mtwapa

Mimi nina magunia sita barazani na nimeyapanda sukuma wiki pamoja na giligilani. Giligilani ikiachwa ichanue, wale wadudu wadogo wekundu wenye madoa meusi huja wengi, na vidukari hupungua. Jaribu giligilani, mama. Ila nami nina swali: nyanya zangu kwenye magunia mawili hulegea mchana kama maharage yako, na sijui sababu.

Mzee wa Tengeru

Mama Tuta, kabla ya kung'oa kitunguu hata kimoja, chimba mashina mawili ya maharage: moja kutoka mstari mgonjwa na moja kutoka mstari mzima. Usiyavute kwa mkono, kwa sababu mizizi myembamba itabaki udongoni na ndiyo yenye habari tunayoitafuta. Ingiza koleo kwa kina, inua pamoja na udongo wake, kisha suuza kwenye ndoo ya maji polepole. Utaona vinundu. Vishike kwa kucha, jaribu kuving'oa, na kimoja kipasue. Vinundu vyema vya maharage vimebandikwa pembeni mwa mzizi, huachia kwa urahisi, na ndani vina rangi ya waridi. Ukikuta mzizi wenyewe umevimba, na uvimbe huo hauachii bila kuukata mzizi, hiyo ni kazi ya minyoo fundo. Tueleze pia msimu uliopita tuta hilo lilikuwa na nini.

Mama Tuta, Usa River

Asante mzee, shikamoo. Nimefanya kama ulivyoelekeza. Shina zima lina vipele vidogo vya duara ambavyo viliachia kwa kuguswa tu, na ndani vina wekundu hafifu. Shina gonjwa lina mafundo yasiyo na umbo maalumu, mengine yameungana kama mkufu, na nilipojaribu kutoa moja mzizi ulikatika. Msimu uliopita nilikuwa na nyanya, mstari mmoja tu wa miti, na sasa nakumbuka ulikuwa upande huohuo wa kusini.

Mzee wa Tengeru

Marahaba. Basi ugonjwa umefuata mstari wa nyanya za zamani. Minyoo fundo haisambai sawasawa tutani. Hubaki ilipolishwa, na nyanya huilisha vizuri sana. Maharage nayo ni chakula chake. Vitunguu vyako huenda vimeshambuliwa pia, lakini mara nyingi havionyeshi wazi kama maharage, ndiyo maana vimelaumiwa.

Maharage ya mstari mgonjwa vuna utakachopata, kisha yachimbe pamoja na mizizi yote na kuichoma. Usiitupe kwenye lundo la mboji. Ya mstari mzima yakate usawa wa udongo na uiache mizizi ioze humohumo. Hapo Mchuma Mboga amepata nusu: wakati maharage yanakua, sehemu kubwa ya naitrojeni yanayotengeneza huitumia yenyewe, na sukuma wiki ya jirani haipati cha maana. Atakayefaidika ni yule atakayepandwa mahali hapo baadaye.

Marigodi nne za kona ni mapambo. Zinafanya kazi pale tu mizizi yake inapoujaza udongo wenye minyoo, kwa hiyo panda upande wote wa kusini, nafasi ya sentimita 20 hivi, na uziache miezi miwili hadi mitatu bila magugu. Mnavu ukijiotea katikati yake utailisha minyoo na kazi itaharibika. Baada ya hapo usitegemee nafuu ya zaidi ya msimu mmoja, na usirudishe nyanya, bilinganya, bamia wala karoti upesi.

Kuhusu vitunguu, hofu yangu ni kivuli kuliko maharage. Majani yake ni membamba na yamesimama, hayawezi kumfunika jirani, ila yeye hufunikwa kirahisi na asikaze kiazi. Ukivihamishia kando ya sukuma wiki kama ulivyoshauriwa, basi angalia jua. Vitabu vingi vya Ulaya huelekeza mmea mrefu uwe kaskazini, lakini kwetu mwezi Juni jua la mchana liko kaskazini na kivuli huangukia kusini. Katika majira hayo sukuma wiki ikae ukingo wa kusini ili kivuli chake kitoke nje ya tuta. Desemba mambo hugeuka.

Mchuma Mboga

Mzee, nakubali kuhusu minyoo, mafundo hayo yanajieleza. Lakini nimeona maharage yakidhoofika kando ya vitunguu kwenye udongo ambao haujawahi kupandwa nyanya, na mizizi ilikuwa safi. Sidhani watu wengi kiasi hiki wameota tu.

Mzee wa Tengeru

Inawezekana, na sitakubishia ulichokiona. Swali langu ni maji: ulikuwa unamwagilia kwa kipimo cha nani? Shingo za vitunguu zikianza kulala tunapunguza maji, na kama maharage yanajaza maganda wakati huohuo yataumia. Ukitaka kujua, chukua ndoo mbili zenye udongo uleule, moja ipandwe maharage peke yake na nyingine maharage na vitunguu, zote zipate maji sawa.

Gunia la Mtwapa, nawe chimba shina moja la nyanya. Zipo mbegu ambazo pakiti yake ina herufi VFN, na hiyo N ina maana zinahimili minyoo hiyo. Hata hivyo uhimilivu huo hupungua udongo ukizidi nyuzi 28, na gunia lililokaa juani huko pwani hupita hapo mapema.

Gunia la Mtwapa

Nimechimba sasa hivi. Mizizi ni safi, haina fundo hata moja, lakini nimekata shina na ndani kuna mstari wa kahawia. Hiyo ni minyoo au kitu kingine?

Mzee wa Tengeru

Hicho ni kitu kingine. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize ndani ya glasi ya maji safi bila kukitikisa, na utazame dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa ukiteremka, ni mnyauko wa bakteria, na udongo wa gunia hilo usiuhamishie popote. Usipouona, fungua uzi mpya na uweke picha, tuuache huu wa Mama Tuta.

Mama Tuta, Usa River

Vitunguu nimeviacha. Swali moja la mwisho: bangi mwitu imejiotea tele kwenye ua wangu, nayo nasikia ni ndugu wa marigodi. Naweza kuitumia badala ya kununua mbegu?

Mzee wa Tengeru

Ni ndugu kweli, na inapunguza minyoo kiasi, ila si ya kuaminika kama ile fupi yenye maua ya rangi ya chungwa na hudhurungi. Ukiitumia, ing'oe kabla haijamwaga mbegu, la sivyo utapambana nayo kila mvua ikinyesha.