Daftari langu la mauzo wameliegemezea feni, halafu naulizwa "ulikuja lini?"

Spea za Mkopo (mwanzisha uzi), Jumanne 9 Aprili 2024, saa 5:40 asubuhi

Wakuu, naandika nikiwa kwenye kibanda cha chai nje ya geti la ofisi ya kodi, mikono bado inatetemeka. Yule bwana wa meza ya pili, mwenye miwani inayokaa utosini muda wote, mnaomjua mnamjua. Leo kanivua nguo mbele ya foleni nzima.

Nauza spea za pikipiki, fremu moja, sina hata mlango wa kioo. Tarehe 14 Machi nilikadiriwa kodi ya mwaka huu 250,000. Nikasema jamani, mimi naandika kila ninachouza, mwaka jana mauzo ni 9,600,000, daftari hili hapa nyumbani. Nikaambiwa lilete. Tarehe 21 nikalipeleka, lile lenye jalada la kijani, kurasa zote zimejaa. Akasema liache, nitalipitia. Nikaliacha. Tarehe 28 nikaenda, naambiwa yuko semina. Siku hiyohiyo nikalipa awamu ya kwanza 62,500 nisije nikaonekana mkaidi. Jana nikampigia, akasema mwenyewe kwa mdomo wake: njoo kesho saa tatu.

Saa tatu kamili niko mbele yake. Anaangalia kompyuta, ananiangalia, anasema kwa sauti ya mnadani: "Wewe ulikuja lini hapa? Una ushahidi gani kwamba ulikuja?"

Wakuu! Wakati ananiuliza hivyo, mimi naliona daftari langu. Liko mezani kwake, chini ya feni! Feni mguu mmoja mfupi, daftari langu ndilo linaloisimamisha. Jalada la kijani, jina la duka langu kwa kalamu nyekundu, na juu yake alama ya duara ya kikombe. Mimi naulizwa ushahidi, na ushahidi unampepea yeye!

Nikalivuta. Feni ikainama, makaratasi yakaruka mpaka kwa mama mmoja kwenye benchi. Mlinzi akaitwa. Naambiwa nimefanya fujo ofisini. Fujo! Daftari langu, mwandiko wangu, jasho langu la miezi 12, karibu wiki tatu liko chini ya feni, halafu mwenye fujo ni mimi.

Amenifukuza na kusema nirudi baada ya sikukuu. Sirudi. Nataka nchi nzima ijue kuhusu hiyo feni.

---

Kungwi wa Kariakoo

Pole mkuu, ila nimecheka mpaka mteja kaondoka. Feni ilikuwa inakupepea na wewe kidogo au upepo wote ulikuwa wake?

---

Baba Hawa

Na wewe nani alikutuma uache daftari? Ungemwachia mkeo hivyohivyo?

---

Spea za Mkopo

Baba Hawa acha matusi. Mtumishi wa umma anakwambia liache, unafanya nini, mnyang'anyane?

---

Jirani wa Sokoni

Hao dawa yao ni moja. Wewe pinga. Ukipinga unalipa theluthi tu ya walichokukadiria, basi, wanakuacha mpaka kesi iishe. Theluthi ya 250,000 ni kama 83,000. Umeshatoa 62,500, ongeza elfu ishirini na kidogo, umemaliza.

---

Mama Mizania

Jirani umeshika nusu ya maneno, na nusu iliyobaki ndiyo itakayomponza mwenzio. Nimewatunzia watu vitabu miaka mingi, naomba mnisikilize kabla hamjaendelea kucheka feni.

Spea, achana na feni kwa dakika moja. Makadirio uliyapokea tarehe 14 Machi. Siku za kupinga ni 30. Hesabu vidole: zinaishia tarehe 13 Aprili, nayo ni Jumamosi. Idi ni kesho mwezi ukionekana leo, na mapumziko ni siku mbili. Kwa hiyo huyo anayekwambia urudi baada ya sikukuu anakupa siku moja tu, Ijumaa, na ukichelewa hapo unaweza kuhesabiwa umekubali 250,000 kwa kukaa kimya. Zile safari zako zote nne hazijasimamisha hata siku moja. Mazungumzo ya mezani hayasimamishi siku. Kinachosimamisha ni barua ya pingamizi iliyopokelewa.

Kuhusu hela: sheria inataka ulipe theluthi ya kilichokadiriwa au kile kiasi ambacho wewe mwenyewe hukipingi, kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili. Sasa tuangalie chako. Mauzo yako yako kati ya milioni 7 na milioni 11. Asiye na kumbukumbu kwenye kundi hilo ndiye anayelipa 250,000. Mwenye kumbukumbu analipa 90,000 na asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7. Kwako kimezidi 2,600,000, asilimia 3 yake ni 78,000. Jumla 168,000. Hiyo ndiyo kodi unayosema ni halali yako, kwa hiyo hiyo ndiyo hubishi, na ni kubwa kuliko hiyo 83,000 ya Jirani. Umeshalipa 62,500. Bado 105,500. Ukienda na elfu ishirini ya Jirani, pingamizi halipokelewi.

---

Jirani wa Sokoni

Sawa mama, ila shemeji yangu alilipa theluthi na likapita.

---

Mama Mizania

Shemeji yako huenda alikuwa anapinga sehemu kubwa, theluthi ikawa ndiyo kubwa. Kila mtu na hesabu zake.

---

Spea za Mkopo

Mama, kwa hiyo nitoe 105,500 sasa hivi ili nidai tofauti ya 82,000? Na daftari lenyewe lina duara la chai kwenye jalada? Duara, wakuu. Kamili kama mhuri.

---

Kungwi wa Kariakoo

Huo ndio mhuri wa kupokelea mkuu. Tarehe tu ndiyo haipo.

---

Mama Mizania

Hiyo 105,500 ungeilipa tu kwa awamu mpaka Desemba, hata ukishinda. Kinachokuuma ni kuitoa kwa mkupuo. Kama huna kweli, unaruhusiwa kumwomba Kamishna akusamehe hayo malipo ya kabla ya pingamizi au ayapunguze, kwa barua yenye sababu. Lakini usikae unasubiri jibu lake huku siku zinakwisha. Pingamizi na hilo ombi viende pamoja.

Ijumaa nenda asubuhi mlango ukifunguliwa, na usiende kwa yule bwana. Nenda masijala. Beba barua nakala mbili, zote umesaini, imeandikwa kwa Kamishna kupitia kwa meneja wa ofisi yako. Ndani yake weka namba ya TIN, namba na tarehe ya yale makadirio, kiasi unachopinga, na sababu yako kwa sentensi tatu tu: mauzo yalikuwa 9,600,000, kumbukumbu zipo, kwa hiyo kodi ni 168,000. Usiandike habari ya feni.

---

Spea za Mkopo

Feni lazima niiandike!

---

Mama Mizania

Andika kwenye barua nyingine, ya malalamiko ya huduma. Ukizichanganya, atakayesoma atashughulika na feni na kodi yako itabaki palepale.

Ambatanisha kivuli cha makadirio, kivuli cha risiti ya 62,500 na ya hiyo nyingine, kivuli cha kitambulisho, leseni, na vivuli vya kurasa za daftari, kila ukurasa umeupa namba. Daftari lenyewe unalibeba mkononi la kuonyesha, unarudi nalo. Akilitaka libaki, mwandikie karatasi: nimekukabidhi daftari moja la kijani, kurasa kadhaa, leo tarehe fulani, na asaini. Wengi wakiona hiyo karatasi wanakubali vivuli.

Mhuri ukigongwa kwenye nakala yako, usome hapohapo kabla hujatoka. Nimewahi kumwona mtu amegongewa mhuri wa siku ya jana yake kwa sababu karani hakuzungusha tarehe. Huyo alikuwa na bahati, maana kosa lilimpendelea. Wa kwako ukisomeka Jumatatu, utaanza ubishi mwingine wa siku.

---

Bodaboda Msomi

Spea, pale getini si uliandika kwenye daftari la wageni? Jina, saa, unakwenda kwa nani. Huo si ushahidi kwamba ulifika tarehe 21?

---

Spea za Mkopo

WEWE! Niliandika! Zote nne! Tarehe 21 mpaka namba ya simu nimeweka, kalamu yao imefungwa na uzi wa kiatu!

---

Mama Mizania

Msomi amesema vizuri. Kumbuka tu kwamba linaonyesha ulifika, halionyeshi ulichoongea wala ulichokabidhi. Ndiyo maana ile simu ya jana ilitakiwa ifuatiwe na ujumbe: "Nathibitisha tulivyoongea, nitafika kesho saa 3 kuhusu makadirio ya TIN yangu, nitakuja kuchukua daftari nililoliacha kwako 21 Machi." Akijibu hata "sawa", hawezi tena kukuuliza ulikuja lini. Na ukitoka mlangoni unamtumia mwingine: leo umeniambia hivi na hivi.

---

Baba Hawa

Asipojibu?

---

Mama Mizania

Wengi hawajibu. Hapo unabaki na ujumbe wako wenye tarehe, ni bora kuliko hewa, lakini siwezi kukudanganya kwamba una nguvu kama mhuri.

---

Jirani wa Sokoni

Mimi ningeenda TOST moja kwa moja. Ndio kazi yao kusikiliza wanaoonewa na watu wa kodi.

---

Mama Mizania

Kwa kudhalilishwa na daftari kuwekwa chini ya feni, nenda, ndiko kwenyewe. Ila wao hawakupangii kodi iwe ngapi. Peleka pingamizi kwanza Ijumaa.

---

Binti Msafi

Samahani, mimi nimesahau nywila ya akaunti yangu ya TIN na namba ya simu niliyosajilia imefungwa. Hiyo barua ya nakala mbili ndiyo inafungua?

---

Baba Hawa

Binti, soma uzi.

---

Fundi Cherehani

Nyie mna bahati mnaulizwa madaftari. Mimi niliambiwa nilete mkataba wa pango. Nikaleta. Wakaniuliza: je, kodi ya zuio ya mwenye nyumba, asilimia 10, umeikata? Mimi nimkate mwenye nyumba! Nimerudi kumwambia, kanipa notisi ya kuhama.

---

Bodaboda Msomi

Wa kwangu hataki hata mkataba uandikwe. Anasema tuelewane kiungwana.

---

Kungwi wa Kariakoo

Wenye nyumba wanastahili uzi wao kabisa. Wa kwangu anadai miezi sita kwa mkupuo na risiti hatoi.

---

Fundi Cherehani

Sita? Mimi mwaka mzima, na choo tunachangia na mgahawa.

---

Spea za Mkopo

Jamani, feni.

---

Bodaboda Msomi

Fundi, hiyo notisi alikupa ya maandishi au ya mdomo?