Hesabu inasema mita 1.38, bomba langu ni la mita 4 na linapuliza vizuri. Nimekosea wapi?

BintiChangamwe

Salamu aleikum wanajukwaa. Nafanya kazi kwenye karakana ya kutengeneza vyombo vya baharini hapa Mombasa. Tuna tangi la hewa linalojazwa na kompresa, na kwenye tangi kumeungwa bomba la chuma la milimita 25 kwa ndani. Mdomo wake wa mwisho uko wazi. Tunalitumia kupuliza kutu na vipande vya chuma kutoka kwenye vifaa kabla ya kuviunga. Sasa bosi anataka lirefushwe lifike upande wa pili wa karakana: mita 9 za bomba nyoofu na kona nne.

Nimeogopa kulirefusha bila hesabu kwa sababu nakumbuka kwamba hewa ikienda kwa kasi ndani ya bomba lenye upana uleule, bila kupata wala kupoteza joto, msuguano una urefu wake wa mwisho. Ukifika hapo, mkondo unakabwa, yaani hewa inafika kasi ya sauti mdomoni na haiwezi kuivuka. Nimepima hivi: shinikizo kamili la tangi ni bar 8.0 (geji inasoma 7), na mwanzoni mwa bomba, hewa ikiwa inapita, ni bar 7.5. Uwiano wa 7.5 kwa 8.0 unanipa namba ya Mach, yaani kasi ya hewa ikigawanywa kwa kasi ya sauti, ya 0.3 pale mwanzoni. Kwenye jedwali la Fanno, lile la mkondo wa namna hii wenye msuguano, 0.3 ina thamani ya 5.30. Kigezo cha msuguano nimekisoma kwenye chati ya Moody, 0.024. Daftari langu la chuo linaandika thamani ya jedwali kama `4fL/D`, f ikiwa kigezo hicho, L urefu na D kipenyo cha ndani, kwa hiyo:

```
L = 5.30 * 0.025 / (4 * 0.024) = 1.38 m
```

Bomba lenyewe tayari ni mita 4 na kona mbili, na hewa inatoka kwa nguvu mpaka sauti inasikika nje ya geti. Hesabu ingekuwa sawa, bomba hili lisingeweza kuwa na 0.3 mwanzoni. Nimerudia mara tatu napata jibu lilelile.

Kasi_Kilindini

Dada, hesabu yako iko sawa, kinachokuchanganya ni maana yake. Bomba likipita urefu ule, ndani yake hutokea wimbi la mshtuko na hewa inazuiwa. Unasikia kelele kwa sababu ya hilo wimbi. Ongeza shinikizo mpaka bar 10 kwenye geji, kasi ya mwanzoni itapanda na utafika unakotaka.

FundiMchanga

Mimi pia nina shida hiyo hiyo. Napiga mchanga matumbo ya mashua, paipu ya mpira ya milimita 32, urefu mita 20, nozo ya milimita 8. Zamani ilikuwa inang'oa rangi vizuri, siku hizi imelegea. Kumbe paipu yangu imepita urefu? Niikate?

MzeeWaGeji

Binti, vipimo vyako ni vizuri, ila kigezo cha msuguano kina watu wawili wenye jina moja. Kuna cha Darcy na kuna cha Fanning, na cha Darcy ni kikubwa mara nne. Fomula yenye 4 mbele inataka kile kidogo cha Fanning. Wewe umesoma 0.024 kwenye chati, na chati nyingi za Moody ni za Darcy. Hapo tayari 4 imo ndani yake, nawe umeizidisha tena. Angalia chati yako upande wa kushoto, ule mstari ulionyooka wa mkondo mtulivu. Ukiandikwa 64 kugawa kwa namba ya Reynolds, ni ya Darcy. Ukiandikwa 16, ni ya Fanning.

Toa hiyo 4:

```
L = 5.30 * 0.025 / 0.024 = 5.52 m
```

Sasa hesabu kona zako. Elbo moja ya nyuzi 90 huwa tunaihesabu kama bomba nyoofu lenye urefu wa vipenyo 30 hivi, yaani mita 0.75 kwako. Mbili ni mita 1.5. Ongeza mita 4, unapata 5.5. Bomba lako limekabwa pale mdomoni, ndiyo maana linapiga kelele, na ndiyo maana mwanzoni ni 0.3 na wala si zaidi.

Usifurahie sana namna namba zilivyokutana, kuna bahati humo. Geji yako ingesoma bar 7.6 badala ya 7.5, Mach ingekuwa kama 0.27 na urefu ungepita mita 7. Kosa la sehemu moja ya kumi ya bar linakuhamisha mita moja na nusu. Halafu niambie, bomba limetokaje kwenye tangi? Likiwa limekatwa tu na kuchomelewa, makali ya ukingo hula shinikizo, na sehemu ya ile nusu bar si kasi, ni hasara ya kuingilia.

BintiChangamwe

Shikamoo mzee. Nimeangalia chati, ni 64. Nimekesha siku mbili kwa sababu ya nne moja! Kutoka tangini kuna kipunguzi cha inchi mbili kwenda moja, kimeteremka taratibu, hakuna ukingo mkali.

Lakini sasa naogopa zaidi. Mita 9 na kona nne ni sawa na mita 12, na mwisho wangu ni 5.5. Hewa itakwama?

MzeeWaGeji

Marahaba mwanangu. Haikwami. Hapa ndipo Kasi_Kilindini amechanganya mambo mawili. Wimbi la mshtuko ndani ya bomba ni habari ya hewa iliyoingia tayari ikiwa na kasi kuliko sauti. Yako inaingia na 0.3. Hewa ya namna hii ikikuta bomba limerefushwa hupata habari mapema, kwa sababu mgandamizo husafiri kurudi nyuma mpaka tangini. Mkondo wote unajipanga upya na kuingia polepole zaidi.

Fikiria kinachotokea njiani. Msuguano unashusha shinikizo, hewa inatanuka, na kwa kuwa uzito uleule lazima upite kila sekunde kwenye upana uleule, inabidi ikimbie zaidi. Kukimbia zaidi kunaongeza msuguano. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mbio iko kwenye mita ya mwisho, si mwanzoni. Inafika kasi ya sauti mdomoni na haiwezi kuivuka. Kwa hiyo ule "urefu wa mwisho" ni wa Mach fulani ya mwanzoni. Ukibadilisha urefu, Mach ya mwanzoni ndiyo inayokubali kushuka.

Kwa mita 12, geuza swali:

```
f*L/D = 0.024 * 12 / 0.025 = 11.52

f*L/D = (1-M^2)/(k*M^2) + (k+1)/(2*k) * ln( (k+1)*M^2 / (2+(k-1)*M^2) )
k = 1.4
```

M ni Mach ya mwanzoni, na k ni uwiano wa joto maalumu la hewa. Jaribu M mpaka upande wa kulia utoe 11.52. Ukiweka 0.22 unapata 11.60, karibu kabisa. Kwa hiyo hewa itaingia na 0.22 badala ya 0.3, na uzito wa hewa kwa sekunde utakuwa kama robo tatu ya ule wa sasa. Hiyo robo inayopotea ndiyo bei ya kurefusha. Bosi akiikubali, unga bomba.

Kuhusu kupandisha mpaka bar 10: uzito wa hewa utaongezeka kweli, kutoka 8 kamili kwenda 11 ni zaidi kwa theluthi na kidogo. Lakini Mach ya mwanzoni itabaki 0.22 na ya mdomoni itabaki 1. Hewa imekuwa nzito tu. Na kabla hujagusa swichi ya kompresa, soma bamba la tangi uone limeruhusiwa shinikizo gani.

Kasi_Kilindini

Sawa mzee, hilo la wimbi nakubali. Lakini utajuaje kweli kwamba limekabwa bila kuamini jedwali?

MzeeWaGeji

Swali zuri. Zima kompresa, acha tangi lishuke huku unapuliza, na uandike geji zote mbili. Bomba likiwa limekabwa, uwiano wa shinikizo la mwanzoni kwa la tangi haubadiliki hata tangi likishuka. Kwa bomba la sasa utabaki 0.94. Tangi likiwa bar 5 kamili, mwanzoni pawe 4.7. Uwiano huo utashikilia mpaka tangi lifike kama 3.9 kamili, yaani 2.9 kwenye geji. Chini ya hapo mdomo hauko tena kwenye kasi ya sauti na uwiano unaanza kupanda kuelekea 1.

Kwa bomba la mita 12 kikomo hicho kinapanda: tangi likishuka chini ya 5.2 kamili, 4.2 kwenye geji, mdomo unapoteza kasi yake. Ukifika hapo funga vali, subiri lijae.

FundiMchanga, usikate paipu. Nozo yako ya milimita 8 ina upana wa moja ya kumi na sita ya paipu, na kukabwa kunatokea pale kwenye nozo. Ndani ya paipu hewa inatembea tu, Mach haifiki 0.04, na kwa mwendo huo urefu wa mwisho ni mamia ya mita. Pima tundu la nozo. Mchanga ukilila likafika milimita 10, linadai hewa zaidi ya nusu kuliko zamani, na kompresa haiwezi kuifuata.

FundiMchanga

Nimeingiza mpini wa kekee ya 10, umepita na nafasi imebaki. Naenda Shimanzi kutafuta nozo. Mungu akulipe mzee.

BintiChangamwe

Nimefanya jaribio leo asubuhi. Geji ya tangi ikiwa 4, ya mwanzoni ilisoma 3.7, sawasawa na ulivyosema. Lakini chini ya 2.9 sikuona kitu cha kuandika, sindano zinatofautiana kidogo mno.

MzeeWaGeji

Geji mbili kubwa hazitakuonyesha tofauti ndogo. Tafuta moja ya kupima tofauti tu, iungwe pande zote mbili.

BintiChangamwe

Nitaiazima. Kuna jambo jingine. Mdomoni panatoka ukungu mweupe, na hilo bomba jipya litapita nje ya ukuta, linapigwa na jua kuanzia saa nne mpaka jioni. Hesabu yote hii imechukulia kwamba joto haliingii.

MzeeWaGeji

Ukungu ni wa kawaida. Hewa ya nyuzi 32 ikifika kasi ya sauti hushuka mpaka karibu nyuzi 19 chini ya sifuri, na unyevu wa Mombasa unaujua. Jua ni habari nyingine. Kwa mita 12 na hewa inayopita kwa sehemu tu ya sekunde, mimi ningeacha hesabu kama ilivyo.

Kasi_Kilindini

Mzee, hapo sikubaliani. Bomba likishika joto la jua, hewa inapata joto, na joto nalo linasukuma mkondo kuelekea kasi ya sauti kama msuguano. Mach ya mwanzoni inaweza kuwa chini ya 0.22.

MzeeWaGeji

Mwelekeo uko sahihi. Ni kiasi gani ndicho tunachobishania. Binti, ukishaliunga, pima alfajiri na upime saa nane mchana, kwa shinikizo lilelile la tangi.