Kulinganisha alama za uso kabla ya kuunganisha: macho mawili, nukta nyingi, au pembetatu?

Kamera_Moro aliandika:

Ndugu wanajukwaa, nina picha ya pamoja ya harusi ambayo familia imeichagua kwa ajili ya ukurasa wa kati wa albamu. Kila mtu ametoka vizuri isipokuwa shangazi wa bibi harusi, ambaye amefumba macho. Ninayo picha nyingine ya shangazi huyo huyo, ya siku hiyo hiyo, akiwa amefumbua macho na kutabasamu. Nia yangu ni kuchukua uso wa picha ya pili na kuuweka kwenye kichwa cha picha ya kwanza. Familia imeridhia.

Nimekwama katika kuchagua njia ya kuulinganisha uso kabla ya kuuunganisha. Ya kwanza ni kuuzungusha na kuupunguza kwa kufuata macho mawili tu. Ya pili ni kutumia nukta 68 ambazo programu ya dlib huziweka usoni, na kuiachia OpenCV ikokotoe mzunguko na kipimo. Ya tatu ni kuugawa uso katika pembetatu ndogo na kuvuta kila moja hadi mahali pake. Ipi inafaa? Faili linatakiwa kwa mchapaji Ijumaa.

FundiPikseli alijibu:

Mkuu, umetueleza habari za harusi na kuacha yale yanayohitajika. Uso una ukubwa gani katika kila picha? Kichwa kimeinama kiasi gani, na je, kimegeukia upande mmoja? Kuinama na kugeuka ni mambo mawili tofauti: kichwa kilichoinamia bega hurekebishwa kwa kuzungusha picha, lakini kichwa kilichogeuka kuelekea kushoto au kulia hakirekebishwi na mzunguko wowote wa bapa. Tupe angalau kona za nje za macho katika picha zote mbili.

Mwana_wa_Pangani alijibu:

Mimi nilifanya kazi kama hii ya marehemu baba yangu mdogo, ambaye picha yake pekee ilikuwa ya kitambulisho. Tuliuweka uso wake kwenye mwili uliovaa suti kwa ajili ya ratiba ya mazishi. Mzunguko haukutusumbua, tatizo lilikuwa kipimo: uso ulikuzwa karibu mara tatu, ukawa laini kama umepakwa mafuta, huku kola ya suti ikionekana hadi nyuzi zake. Nakushauri umtafutie shangazi suti yenye ubora unaolingana na uso.

Kamera_Moro aliandika:

Ndugu wa Pangani, pole kwa msiba, lakini shangazi anabaki na mwili wake na gauni lake. Ninabadilisha uso tu.

FundiPikseli, nimepima. Katika picha ya macho yaliyofumbuliwa, kona ya nje ya jicho lililo kushoto mwa picha iko (412, 310) na ya jicho la kulia iko (492, 330). Katika picha ya pamoja, kona hizo ziko (1050, 640) na (1116, 634).

FundiPikseli alijibu:

Sasa tunazungumza. Katika picha ya chanzo, kutoka kona moja hadi nyingine unakwenda pikseli 80 kulia na 20 chini, yaani umbali wa pikseli 82.5 na mteremko wa nyuzi 14. Katika picha ya pamoja unakwenda 66 kulia na 6 juu, yaani umbali wa 66.3 na mwinuko wa nyuzi 5. Kwa hiyo uso unatakiwa kupunguzwa hadi 0.80 ya ukubwa wake na kuzungushwa nyuzi 19 kinyume cha saa.

Ila umbali wa pikseli 66 ni mfupi. Ukikosea kona moja kwa pikseli 2 tu kwenda juu au chini, mzunguko wako unakosea karibu nyuzi 1.7, na kosa la namna hiyo jicho la mtu hulitambua hata kama hawezi kulitaja; atasema tu kwamba shangazi "hafanani vizuri". Ndiyo maana siipendi njia ya macho mawili peke yake. Halafu nina swali: picha ya watu wengi kama hiyo, iliyopigwa na kamera ya kazi, inawezaje kuwa na uso mdogo hivyo?

Kamera_Moro aliandika:

Nimeona haya kukiri. Nilipima kwenye nakala zilizotumwa kwa WhatsApp, zenye upana wa pikseli 1600. Faili asilia la picha ya pamoja lina upana wa 6000.

FundiPikseli alijibu:

Basi anza upya na faili asilia. Umbali ule wa 66 utakuwa karibu 248, na kosa lile lile la pikseli 2 litakuwa chini ya nusu nyuzi. Kabla ya kubishana kuhusu njia, hilo pekee limekupunguzia tatizo kwa zaidi ya theluthi mbili.

Jabali_la_Data alijibu:

Naona mnajitesa bure. Chukua nukta zote 68, zitie katika `estimateAffinePartial2D` ukitumia LMEDS, na yenyewe itazitupa nukta mbovu. Nukta zikiwa nyingi, makosa hujifuta yenyewe. Hakuna haja ya kuchagua.

FundiPikseli alijibu:

Ndugu Jabali, umesema kweli nusu. Nukta nyingi husaidia pale makosa yake yanapokuwa ya kubahatisha. Hapa si ya kubahatisha: shangazi anatabasamu katika picha moja na katika nyingine pengine amefunga mdomo. Kati ya nukta 68, nukta 17 ni za taya na 20 ni za mdomo. Hizo ni 37, zaidi ya nusu, na nyingi kati yake husogea pamoja mtu anapocheka. LMEDS inataka zaidi ya nusu ya nukta ziwe nzuri ndipo iweze kutambua mbovu. Ukiipa 37 zinazosogea dhidi ya 31, inaweza kuwaona walio wengi kuwa ndio wakweli, na uso ukatoka mkubwa au mdogo kuliko inavyopaswa kwa sababu tu kidevu kilishuka.

Mimi hutumia zile zilizoshikamana na mfupa, au zilizo karibu nao: kona nne za macho, yaani nukta 36, 39, 42 na 45, pamoja na nukta za pua kuanzia 27 hadi 35. Mtu akicheka sana, hata 31 na 35 za mbavu za pua huziacha.

```python
imara = [36, 39, 42, 45] + list(range(27, 36))
M, nzuri = cv2.estimateAffinePartial2D(
    chanzo[imara], lengo[imara], method=cv2.LMEDS)
kipimo = np.hypot(M[0, 0], M[1, 0])
pembe = np.degrees(np.arctan2(M[1, 0], M[0, 0]))
```

Chapisha kipimo na pembe kabla ya kugusa picha. Kwa vipimo ulivyotupa awali, unapaswa kuona karibu 0.80 na karibu -19. Kipimo kinaweza kubadilika ukihamia faili asilia, lakini pembe haitabadilika sana. Namba zikija tofauti kabisa, nukta zimekosewa mahali.

Bi_Zuhura_Picha alijibu:

Samahani wakubwa, mimi ni mtu wa pembetatu, na sioni kwa nini mmeipuuza njia ya tatu. Kuzungusha na kupunguza huuchukulia uso kama kipande cha karatasi, ilhali pembetatu huufuata uso wenyewe. Nimeitumia kwa miaka kadhaa na matokeo yake ni laini mno.

FundiPikseli alijibu:

Dada Zuhura, kwa kazi nyingine nakubaliana nawe. Lakini fikiria kitakachotokea hapa. Pembetatu hulazimisha kila nukta ya chanzo ikae juu ya nukta ya lengo. Nukta za kope za juu katika picha ya lengo zimeshuka, kwa sababu macho yamefumbwa. Utachukua macho yaliyofumbuliwa na kuyabana hadi yawe mstari. Utakuwa umemfumba shangazi kwa mara ya pili, safari hii kwa hesabu.

Bi_Zuhura_Picha alijibu:

Hapo umenipata. Hata hivyo, naweza kuziacha nukta za kope na mdomo nje, na kutumia pembetatu kwa taya na paji la uso tu. Sijashindwa bado.

Mzee_wa_Darubini alijibu:

Niruhusuni nisimulie hasara yangu, kwa kuwa inahusu hatua hii hii. Mwaka juzi nilipewa kazi ya kumrekebisha mtoto aliyeangalia pembeni katika picha ya ubatizo. Nilipata pembe ya -12 kama anavyoeleza FundiPikseli, kisha nikaipeleka kwenye `getRotationMatrix2D`. Uso ukatoka umeinama maradufu. Nilishinda usiku nikilaumu nukta, nikaziweka upya kwa mkono, na kila nilivyozisahihisha uso ulizidi kuinama. Kumbe katika picha mhimili wa wima huhesabiwa kwenda chini, kwa hiyo pembe hasi niliyoipata ilimaanisha kinyume cha saa, wakati kitendakazi kile huhesabu kinyume cha saa kuwa chanya. Mwinamo ukiongezeka badala ya kutoweka, jua ishara imegeuka.

Nikarekebisha, nikafurahi, nikaingia kwenye `seamlessClone` ili kuunganisha uso. Uso ukapanda juu kama pikseli 20, pua ikakaa katikati ya macho ya zamani. Nilikuwa nimetoa ncha ya pua kama kitovu, nikidhani ndicho kinachotakiwa. Sicho. Kinachotakiwa ni kitovu cha mstatili unaoizunguka maski, yaani eneo la uso linalohamishwa, na maski yangu ilifika kidevuni lakini haikupanda zaidi ya nyusi, hivyo kitovu chake kilikuwa chini ya pua. Ulinganishaji ulikuwa sahihi tangu mwanzo, nami nikauharibu katika hatua ya mwisho. Mteja alikuwa ameshachukua kazi yake kwingine. Tangu siku hiyo kitovu nakipata kwa `boundingRect` ya maski yenyewe.

Kamera_Moro aliandika:

Asanteni sana, hasa Mzee. Nimerudia kwa faili asilia na nukta 13. Pembe imetoka -18.6, na macho yamekaa mahali pake. Lakini nikiweka picha mbili moja juu ya nyingine kwa uwazi wa nusu, ncha ya pua inapishana kwa karibu pikseli 9 kuelekea kushoto, ingawa kona za macho zinapishana kwa 2 au 3 tu.

FundiPikseli alijibu:

Nilihofia hilo. Pima kutoka ncha ya pua hadi kona ya nje ya kila jicho, katika picha zote mbili. Ikiwa katika moja umbali huo unakaribiana na katika nyingine upande mmoja ni mrefu waziwazi, basi kichwa kimegeuka.

Kamera_Moro aliandika:

Ni kweli. Katika picha ya pamoja alikuwa amegeuka kidogo kumwelekea bibi harusi.

FundiPikseli alijibu:

Basi mzunguko na kipimo vimefika mwisho wa uwezo wake. Je, huna fremu nyingine ambayo amegeukia upande huo huo? Fremu yenye tabasamu dogo lakini mgeuko unaolingana itakufaa kuliko hiyo. La sivyo, usihamishe uso mzima. Hamisha macho na nyusi tu, ukiulinganisha ukanda huo peke yake na kuiacha pua ya zamani ilipo.

Bi_Zuhura_Picha alijibu:

Au pembetatu bila kope. Pikseli 9 ni kazi ndogo kwazo.

Jabali_la_Data alijibu:

Ukihamisha macho tu, utapata macho yanayocheka juu ya mdomo usiocheka.

Kamera_Moro aliandika:

Kuna fremu nyingine tatu, ila katika mbili mtandio wake umeshuka hadi kwenye nyusi, na nilipojaribu mojawapo kwa haraka rangi yake ya zambarau ilivujia kwenye paji la uso baada ya kuunganisha. Nitaibana maski iishie chini ya mtandio, kisha niijaribu ile ya tatu usiku huu.